Asilimia hazifiki 100 kila ukurasa unapojisasisha: mnatumia mbinu gani kukadiria?

kipanga_data
Wakuu, nina ukurasa wa kura ya maoni wenye majibu manne, na takwimu zake zinajisasisha zenyewe kila baada ya sekunde chache. Asilimia naonyesha bila desimali, kwa `Math.round` tu. Kura zilipofika 200 mgawanyo ulikuwa A 85, B 53, C 41, D 21, yaani 42.5, 26.5, 20.5 na 10.5. Zote zimeishia na nusu, zote zikapanda, ukurasa ukaandika 43, 27, 21, 11. Jumla 102! Ikaingia kura moja ya D, sasa inasoma 42, 26, 20, 11, jumla 99. Watu wananitumia picha za skrini wakisema tunapika kura.

Naona njia tatu: tofauti yote abebeshwe aliye mkubwa, kukadiria jumla limbikizi kisha kutoa, au kushusha zote na kugawa pointi zilizobaki kwa wenye salio kubwa la desimali. Nani amezitumia?

Mzee_Jedwali
Mbona unajichosha? Weka desimali moja, tatizo limekwisha. Kwa kura zako 201 unapata 42.3, 26.4, 20.4, 10.9. Jumlisha mwenyewe: 100.0 kamili.

salio_kubwa
Hapo imekubali kwa bahati, mzee wangu. Chukua majibu matatu yenye kura sawa: 33.3 mara tatu ni 99.9. Desimali inapunguza ukubwa wa kasoro, haiiondoi. Na kwenye kura 201, kuandika 42.3 ni kujifanya una usahihi ambao msomaji hana kazi nao.

Kipanga, zipitishe njia zako tatu kwenye namba zako mwenyewe, kabla na baada ya ile kura moja. Kumbuka kwamba kura ya D imeshusha hisa halisi ya A, B na C, wote watatu.

Kumbebesha mkubwa: kwenye 200 umezidisha 2, kwa hiyo A anaandikwa 41 badala ya 43. Kwenye 201 umepungukiwa 1, A anaandikwa 43 badala ya 42. Hisa yake imeshuka kutoka 42.5 hadi 42.3, ukurasa unasema amepanda kutoka 41 hadi 43. Hiyo itupe. Wanaoipenda wanaipenda kwa sababu inaandikwa kwa mstari mmoja.

Jumla limbikizi: kwenye 200 inatoa 43, 26, 21, 10. Kwenye 201 inatoa 42, 27, 20, 11. Jumla ni 100 mara zote, lakini B amepanda bila kupata kura. Tena ukibadilisha mpangilio wa majibu, asilimia zinabadilika. Faida yake ni moja: kama unachora kipau kimoja kilichogawanywa vipande, mipaka ya vipande inakaa palepale inapostahili.

Salio kubwa: kwenye 200 unashusha zote, 42, 26, 20, 10, jumla 98. Zimebaki pointi 2, na masalia yote ni sawa, 0.5, kwa hiyo unahitaji kanuni ya kuamua sare. Tuseme wa juu kwenye orodha anatangulia: 43, 27, 20, 10. Hakuna anayekosewa kwa pointi nzima, na jumla ni 100. Mimi natumia hii:

```js
function gawa(kura, lengo = 100) {
  const jumla = kura.reduce((a, k) => a + k, 0);
  if (jumla === 0) return kura.map(() => 0);
  const p = kura.map(k => Math.floor(k * lengo / jumla));
  const baki = lengo - p.reduce((a, x) => a + x, 0);
  kura.map((k, i) => [(k * lengo) % jumla, i])
    .sort((a, b) => b[0] - a[0] || a[1] - b[1])
    .slice(0, baki)
    .forEach(([, i]) => p[i]++);
  return p;
}
```

Salio nimelipata kwa `%` juu ya namba nzima makusudi, ili sare iwe sare kweli na si kuchezewa na desimali za kompyuta. Na orodha iingie kwa mpangilio usiobadilika, kwa mfano wa kitambulisho cha jibu. Ukiiingiza ikiwa imepangwa kwa wingi wa kura, sare zitaamuliwa tofauti kila wawili wanapopishana.

ankara_safi
Nimekuja mbio maana nina shida hiihii. Ankara zangu zina kodi kwa kila mstari, na jumla ya kodi za mistari inapishana senti na kodi ya jumla. Nitumie hiyo `gawa`?

salio_kubwa
Hapana, yako ni kesi nyingine. Kipanga anarekebisha kinachoonekana tu, kura zenyewe hazigusi. Wewe unagusa fedha inayodaiwa. Kama kodi ikokotolewe kwa mstari au kwa jumla, hilo linaamuliwa na kanuni za kodi unazozifuata, halafu unalihifadhi hivyo kwa senti nzima. Usihamishe senti ili ukurasa upendeze.

kona_ya_grafu
Salio kubwa mmeisifu bila kumaliza hesabu. Mbona hamjaipitisha kwenye 201? Nimeipitisha. Masalia ni A .289, B .368, C .398, D .945. Pointi mbili zinakwenda kwa D na C: 42, 26, 21, 11. Kwa hiyo C alisomeka 20, sasa anasomeka 21, ilhali hisa yake imeshuka kutoka 20.5 hadi 20.4. Mtu anayetazama skrini ataona uchawi uleule.

salio_kubwa
Kweli kabisa, na ndiyo maana kwenye ukurasa unaojisasisha siishii hapo. Nahifadhi namba zilizoonyeshwa mara ya mwisho na kuzianzia hizo. Asiyepishana na hisa yake halisi kwa zaidi ya 0.75 namwacha. Kwenye 201, aliyevuka ni D tu: ameandikwa 10, hisa ni 10.945. Anapanda kuwa 11, na pointi inatoka kwa aliyezidishiwa zaidi, A. Matokeo ni 42, 27, 20, 11. Hakuna aliyesogea kinyume na hisa yake.

Hiyo 0.75 si ya kushikilia kila mahali. Majibu tisa yakilingana kila moja ni 11.11, na lazima mmoja aandikwe 12, yaani kosa la 0.89. Hapo unalegeza hadi chini ya 1.

kona_ya_grafu
Sasa ukurasa una kumbukumbu. Anayeufungua sasa hivi na aliyeufungua saa moja iliyopita wataona namba tofauti kwa kura zilezile. Hilo nalo litapigwa picha.

salio_kubwa
Kumbukumbu ikae kwenye seva, si kwenye kivinjari, wote wataona kimoja. Ila ni kweli kwamba kwa kura pekee huwezi tena kuthibitisha kwa nini B ni 27. Kwa ripoti ya mwisho narudi kwenye `gawa` tupu.

kona_ya_grafu
Kwa hiyo dakika ya kufunga kura B atashuka kutoka 27 hadi 26 bila kura yoyote kuingia. Sijashawishika. Mimi ningeandika idadi ya kura kwa herufi kubwa, asilimia za kawaida pembeni, na maelezo chini kwamba huenda zisifike 100.

kipanga_data
Bosi hataki maelezo chini. Nitajaribu ya seva. Ila kuna siku nyingine niliona 104, hii mbinu ingeisaidia?

salio_kubwa
104 si kukadiria. Kila jibu linaweza kupotosha nusu pointi tu, kwa hiyo majibu manne hayavuki 102 wala kushuka chini ya 98. Angalia kama kura za kila jibu na jumla unazivuta kwa maombi mawili tofauti. Jumla ikiwa ya sekunde chache nyuma unagawanya kwa namba ndogo, na zote zinavimba. Hizo zivute kwa pamoja kwanza. Pia kama mtu anaruhusiwa kuchagua majibu mawili, usilazimishe 100 hata kidogo.

kipanga_data
Ni maombi mawili, ndiyo. Nayaunganisha leo.