Kufuta SSD kabla ya kuitoa: kuandika sifuri, amri ya diski yenyewe, au kuua ufunguo?

Zuhura_N

Wakuu, salaam. Nina SSD ya NVMe ya terabaiti 1 inayotoka mikononi mwangu wiki hii, na ndani yake kulikuwa na rekodi za wateja. Ilisimbwa kwa LUKS2 tangu siku ya kwanza, kabla sijaweka faili yoyote. Naona njia tatu: kuandika sifuri diski nzima kwa `dd`, kutumia `nvme format`, au `cryptsetup luksErase` inayoua funguo tu. Hii ya tatu inamaliza kazi ndani ya sekunde moja, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Data yote inabaki imelala palepale ilipokuwa, halafu mimi niamini kwamba haipo? Ninyi mngechagua ipi, na kwa nini?

MzeeKebo

Binti yangu, usidanganywe na sekunde moja. Andika juu yake, na uandike mara nyingi. Kuna ile njia ya mizunguko 35, ndiyo tuliyoitumia miaka yote na hakuna aliyewahi kurudi na data. Kitu ambacho hakijaandikwa juu yake bado kipo.

fundi_ramani

Mzee, shikamoo. Kwa diski ngumu za sumaku kuandika juu ni sahihi, tena mzunguko mmoja unatosha kwa diski za siku hizi. Ile mizunguko 35 ilitoka kwenye andiko la Peter Gutmann la 1996. Ilikusanya mifumo tofauti ya diski za wakati ule, na yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba hakuna diski moja inayoihitaji yote.

Ila Zuhura ana SSD, na SSD haiandiki juu ya kitu. Ukiiambia iweke sifuri kwenye sekta namba 5000, kidhibiti chake kinatafuta seli zilizo tupu mahali pengine, kinaweka sifuri huko, halafu kinabadilisha ramani yake ya ndani ili 5000 sasa ielekeze huko. Seli za zamani zinabaki na data yake mpaka kidhibiti kitakapopata nafasi ya kuzisafisha. Zaidi ya hapo, kila SSD ina akiba ya seli ambazo kompyuta haizioni kabisa, kwa hiyo `dd` inaweza kufika mwisho wa diski bila kuzigusa zote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilipima jambo hili mwaka 2011 kwa kusoma chipu zenyewe moja kwa moja. Kuandika diski nzima mara mbili kulitosha mara nyingi, lakini si kila mara.

Kwa hiyo Zuhura, swali lako naona linageuka. Huna uwezo wa kuifikia kila seli yenye data, kwa hiyo tafuta kitu kidogo ambacho data yote inakitegemea, ukiharibu hicho.

Kitu hicho ni ufunguo mkuu. Kwa mpangilio wa kawaida wa LUKS2 una biti 512, yaani baiti 64 tu. Gigabaiti zote za rekodi zako zimepita kwenye baiti hizo 64 kabla ya kuandikwa. Bila hizo, kilicholala kwenye seli hakina tofauti na kelele, na AES yenye funguo mbili za biti 256 haina njia ya mkato ya maana inayojulikana zaidi ya kujaribu funguo moja moja, kazi isiyomalizika.

Kipepeo88

Nisaidieni na mimi jamani. Nimesahau nenosiri la diski yangu ya nje iliyosimbwa. Ina maana nimeshafanya hiki mnachozungumza bila kujua? Na nikitaka kuitupa, naweza kuitupa tu?

fundi_ramani

Hapana Kipepeo, usiitupe hivyo. Nenosiri si ufunguo. Ufunguo mkuu ulitengenezwa kwa bahati nasibu siku ulipoisimba diski. Nenosiri linatumika kuufungia ndani ya kile kinachoitwa nafasi ya ufunguo, mwanzoni mwa diski. Ulipolisahau, ufunguo haukuondoka, bado umefungiwa palepale. Mtu atakayeiokota hahitaji kubahatisha biti 512, anahitaji kubahatisha nenosiri lako, na kama lilikuwa jina na mwaka wa kuzaliwa hatachukua muda mrefu. Kupata faili zako kunategemea kulikumbuka. Ukishakata tamaa, futa nafasi za funguo. Amri ya kuzifuta haikuombi nenosiri.

Kipepeo88

Haikuombi nenosiri?! Mtu yeyote akiishika kompyuta yangu anaweza kunimalizia data yote?

fundi_ramani

Akiwa na ruhusa ya msimamizi, ndiyo. Kuharibu ni rahisi kuliko kusoma. Ndiyo sababu watu wengi wanahifadhi pembeni nakala ya kichwa cha LUKS, yaani ile sehemu ya mwanzo wa diski yenye nafasi za funguo, na nakala hiyo ndiyo inayokuja kumsumbua mtu kama Zuhura.

seva_usiku

Hapo umegusa kidonda. Naweka hapa yaliyonipata.

Mwaka jana nilikuwa naondoa seva moja kazini. Nilifanya `luksErase`, nikaandika YES kwa herufi kubwa kama inavyotaka, nikaangalia kwa `luksDump`, sehemu ya Keyslots ikawa tupu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba data imefutwa. Siku mbili baadaye nikakuta flashi kwenye droo, ndani yake kuna faili ya baiti 16777216 kamili. Namba hiyo ni megabaiti 16, saizi ya kawaida ya kichwa cha LUKS2. Ilikuwa imetengenezwa kwa `luksHeaderBackup` na mtu aliyekuwepo kabla yangu.

Diski ilikuwa bado haijatoka, nikajaribu:

```
cryptsetup luksHeaderRestore /dev/sdb2 --header-backup-file kichwa.img
cryptsetup open /dev/sdb2 jaribio
```

Nenosiri la sasa lilikataliwa. Nikaweka lile la zamani, lililoachwa baada ya mfanyakazi mmoja kuondoka. Likafungua. Kila faili ilikuwepo, hata zilizoandikwa baada ya nenosiri kubadilishwa.

Nilikaa kimya pale kwa muda. Nilikuwa nimeamini kwamba kubadilisha nenosiri kulikuwa kumemfungia nje yule aliyeondoka. Kumbe ufunguo mkuu ulikuwa uleule miaka yote, kilichobadilika ni kufuli tu la nje. Kufunga kabisa kungehitaji `cryptsetup reencrypt`, ambayo inatengeneza ufunguo mkuu mpya na kuisimba data yote upya.

Zuhura_N

Asante sana kwa kueleza hili wazi. Basi nikiwa na hakika kwamba sina nakala ya kichwa, `luksErase` inatosha?

fundi_ramani

Karibu itoshe, lakini rudi kwenye tabia ya SSD. Nafasi ya ufunguo nayo iko kwenye seli zilezile. `luksErase` inaandika juu yake, kidhibiti kinapeleka maandishi mapya kwenye seli nyingine, na ya zamani yanaweza kubaki kwa muda.

LUKS ilitengenezwa ikijua tatizo hili kwa kiasi fulani. Haiweki zile baiti 64 mahali pamoja. Inazitawanya kuwa vipande 4000, jumla baiti 256,000, kwa namna ambayo kikipotea kimoja ufunguo wote hauwezi kuunganishwa tena. Kwa diski ya sumaku huo ni ulinzi mzuri sana. Kwa SSD unapunguza hatari bila kuimaliza, kwa sababu vipande vyote vinaweza kubaki salama kwenye seli zilizoachwa. Hata hivyo atakayevikuta atahitaji kung'oa chipu, kuvipanga, halafu bado abahatishe nenosiri kupitia Argon2id, ambayo imetengenezwa makusudi ili kila jaribio liwe ghali. Nenosiri lako likiwa refu, hapo amekwama.

Mimi ningeunganisha njia yako ya tatu na ya pili. Washa kompyuta kwa mfumo ulio kwenye flashi, na diski hiyo isiwe imefunguliwa. Hili ni muhimu: ukifanya `luksErase` wakati diski iko wazi, ufunguo unabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta na faili zinaendelea kusomeka kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka uifunge diski au uzime kompyuta. Kisha:

```
cryptsetup luksErase /dev/nvme0n1p3
cryptsetup luksDump /dev/nvme0n1p3
nvme id-ctrl -H /dev/nvme0
nvme format /dev/nvme0n1 --ses=2
```

Amri ya tatu inakuonyesha kama diski inaunga mkono kufuta kwa kuharibu ufunguo wake wa ndani. Kama haiungi mkono, weka `--ses=1`, ambayo inafuta data ya mtumiaji kwa njia ya kawaida.

MzeeKebo

Nimekubali hilo la ramani, sikulijua. Lakini kama diski yenyewe ina ufunguo wake na inaweza kuuharibu, kwa nini ahangaike na LUKS? Atoe amri moja ya diski, basi.

seva_usiku

Mzee, amri hiyo inatekelezwa na programu ya ndani ya diski, na wewe unaambiwa tu kwamba imefaulu. Kwenye utafiti uleule wa 2011 kulikuwa na diski iliyojibu kwamba imefuta huku data yote ikiwa bado inasomeka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaonyesha SSD ambazo ufunguo wake wa ndani haukufungamana kabisa na nenosiri la mwenye diski. LUKS naweza kuikagua mwenyewe. Kidhibiti siwezi.

fundi_ramani

Hapo sikubaliani nawe kabisa. Udhaifu ule wa 2018 ulihusu kufunga diski kwa nenosiri. Kuharibu ufunguo na kutengeneza mwingine ni kazi nyingine, na diski inaweza kushindwa ya kwanza ikafaulu ya pili. Kwa mtu ambaye hakusimba chochote tangu mwanzo, amri ya diski ndiyo njia bora aliyobaki nayo, kwa sababu kusimba leo hakurudi nyuma kuzifunika seli zilizoandikwa jana.

seva_usiku

Sawa, kama ndiyo njia pekee. Ila utathibitishaje? Ukisoma diski ukakuta sifuri, inawezekana ufunguo umekufa, inawezekana pia ni ramani tu iliyofutwa na ufunguo uko palepale. Kwa nje huoni tofauti. Kwa rekodi za watu wengine mimi bado ningetaka usimbaji wangu uwe chini yake.

Zuhura_N

Nimefanya zote mbili usiku huu. `luksDump` inaonyesha Keyslots tupu, na `nvme format` imejibu kwamba imefaulu. Nimepekua flashi zangu, hakuna faili ya kichwa.

Ila kuna kitu kimenijia wakati napekua. Kabla ya kubadilisha mfumo mwaka juzi nilichukua picha ya diski nzima kwa `dd` na kuiweka kwenye diski ngumu ya nje. Hiyo nayo ina kichwa ndani yake, sivyo?

fundi_ramani

Ndiyo, kichwa na data vyote viwili, kwa nenosiri la wakati ule. Kwa upande wa ufunguo, diski yako bado haijafutwa. Hiyo ya nje ni ya sumaku?

Zuhura_N

Ya sumaku. Naiandika sifuri yote sasa hivi, mzunguko mmoja, ni terabaiti 4 kwa hiyo itakesha. SSD nimeirudisha kabatini mpaka iishe.