Mrejesho: gemu inayojizima kwenye simu za wachezaji

Niliuliza: "Gemu yangu ya Unity inajizima kwenye simu za wachezaji, kwangu haijizimi. Ripoti zina namba tupu za libil2cpp.so. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana. Nilitengeneza toleo jipya pamoja na faili lake la simboli, nikalipandisha Crashlytics kama mlivyoelekeza:

```
firebase crashlytics:symbols:upload --app=APP_ID symbols.zip
```

Ripoti zikaanza kuonyesha majina ya fanksheni: msimbo wa sauti ulikuwa ukisoma bafa iliyokwisha kuachiliwa, mchezaji akipigiwa simu katikati ya mchezo. Nimerekebisha, na hizo zimekoma. Zinazoishia ndani ya draiva ya michoro bado ni namba tupu, maana simboli zake anazo mtengenezaji. Ripoti za toleo la zamani nazo hazisomeki kwa faili hili. Kila toleo lina lake, litunzeni.