Wamenikata 5,000 kwa wiki moja, halafu wananiandikia HONGERA

Fundi wa Mbagala:
Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Hawa jamaa mnawajua, kila mtu humu ana laini yao, sina haja ya kuwataja.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na friji ya mteja inahitaji gesi na kapasita. Mfukoni sina kitu. Nikaingia kwenye menyu, nikaomba mkopo wa 50,000. Dakika haijaisha, meseji hii hapa: "Ombi lako la mkopo wa TSh 50,000 limekubaliwa. Umepokea TSh 45,000." Elfu tano wameikata juu kwa juu, hata sijaishika. Muda wa kulipa siku 30. Sawa.

Leo mteja kanilipa. Nikasema nilipe upesi, deni lisilale. Wiki moja tu imepita, siku 23 nawarudishia hela yao waizungushe kwa watu wengine. Nikatuma 50,000, nikasubiri nirudishiwe hata elfu mbili. Ikaingia meseji: "HONGERA! Umelipa mkopo wako mapema."

Hongera! Mtu anakuchuna ngozi, anaikunja vizuri, kisha anakupa mkono wa pongezi!

Nikapiga huduma kwa wateja. Nimesikiliza ule muziki wao mpaka sikio limeota sugu. Dada akapokea, sauti tamu kama anasoma tangazo la harusi: "Mpendwa mteja, ada ni asilimia kumi tu, haibadiliki hata ukilipa kesho yake." Kumi TU. Kwa wiki moja! Nikamuuliza, kwa mwaka ni ngapi? Akasema mkopo wetu hauna riba, una ada. Simu ikakatika.

Hongera. Yaani hongera kabisa, na alama ya mshangao.

Shemeji Mtulivu:
Mleta uzi punguza jazba. Ulisoma masharti, ukabonyeza 1 kukubali. Elfu tano ndiyo ya kutetemesha mikono ya mwanaume mzima?

Mama Kiko wa Tandika:
Hesabu nyepesi hiyo. 10 mara miezi 12, ni asilimia 120 kwa mwaka. Basi. Tuendelee na maisha.

Afisa Mikopo Mstaafu:
Mama Kiko, umekaribia ila kuna mahali pawili pameponyoka.

Kwanza, fundi hakukopeshwa 50,000. Aliyoipata ni 45,000. Hiyo elfu tano nyingine haijawahi kuwa yake hata sekunde moja. Kwa hiyo unagawa 5,000 kwa 45,000, unapata asilimia 11.1, siyo 10. Ada ikikatwa mbele, bei halisi hupanda kimyakimya namna hiyo.

Pili, chukulia fundi anataka akae na hiyo 45,000 mwaka mzima. Kila mwezi analipa, anakopa tena palepale. Kila mara anatoa 5,000. Kwa miezi 12 ametoa ada ya 60,000 ili atumie 45,000. Hiyo ni asilimia 133. Na kama hata ile ada yenyewe anaikopa, deni linazaa juu ya deni, inafika kama 254.

Sasa njoo kwenye kinachomuuma. Alikaa na hela wiki moja. Mwaka una wiki 52. Asilimia 11.1 mara 52 ni karibu 578. Kwa maana nyingine, kadiri unavyolipa mapema ndivyo mkopo unavyozidi kuwa ghali, kwa sababu ada imesimama palepale na siku zimepungua. Riba ya benki inakwenda kinyume: ukiwahi, unaokoa.

Mlinganishe. Mikopo ya benki hapa nchini kwa wastani inachezea asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka. 45,000 kwa wiki moja kwa bei hiyo ni kama shilingi 140. Fundi katoa 5,000.

Fundi wa Mbagala:
SHILINGI 140!!! Hata maji ya kandoro hayapatikani kwa 140! Na wakaniandikia hongera!

Shemeji Mtulivu:
Afisa unamdanganya kijana. Benki gani itakupa 45,000 kwa wiki moja, saa tatu usiku, bila mdhamini wala hati? Nauli tu ya kufuata hiyo mikopo yako ya asilimia 15 inazidi hiyo elfu tano. Na hiyo 578 ni hesabu ya kwenye karatasi, hakuna anayekopa mara 52. Katengeneza friji, kapata faida. Kama faida ilikuwa 20,000, mkopo umemlipa.

Afisa Mikopo Mstaafu:
Hapo una hoja, sikukatalii. Mkopo mdogo una gharama ambazo hazifuati ukubwa wake, na wasiolipa wanalipiwa na wanaolipa. Asilimia ya mwaka kazi yake ni kulinganisha mkopo na mkopo, haisemi utatoa shilingi ngapi. Kwa aliyekopa mara moja na kazi yake ina faida, angalia 5,000 dhidi ya faida.

Tatizo liko kwa anayekopa kila mwezi kwa ajili ya unga na nauli. Huyo ndiye wa ile 60,000. Utamjua: akilipa asubuhi, mchana kakopa tena kiasi kilekile. Na akivuka siku 30 bila kumaliza, wengi wa hawa wanapiga ada nyingine juu ya baki, mkopo ule ule unalipiwa mara mbili. Kabla ya kubonyeza 1, tazama vitu vitatu tu: kinachoingia, kinachotoka, na kama kuwahi kunapunguza chochote.

Ustadh Kariakoo:
Riba ni riba hata uivishe kanzu uiite ada.

Dogo Janja Mabibo:
Wakuu samahani, mimi limiti yangu imegoma kwenye 8,000. Fundi umefanyaje mpaka wakakupa 50,000?

Mama Kiko wa Tandika:
Mbona Benki Kuu waliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi? Wakashtakiwe!

Afisa Mikopo Mstaafu:
Kikomo hicho ni cha wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Hawa wa fundi wanafanya na benki nyuma yao, na wao wanasema ni ada. Kama ada hiyo ingepaswa kuhesabiwa ni riba, mimi nasema ndiyo, wanasheria wawili watakupa majibu mawili.

Binti Sinza:
Nyie mnalia na elfu tano? Mama yangu alichukua kausha damu, laki mbili, marejesho kila siku. Siku amechelewa walikuja wakabeba tivii, jiko la gesi na godoro, baba amelala juu yake. Wakamwambia ashuke.

Fundi wa Mbagala:
Pole dada. Lakini hao angalau hawakuandika hongera.

Shemeji Mtulivu:
Hongera fundi.

Wakala Buguruni:
Watu wanaongelea mkopo, hakuna anayetuonea huruma mawakala. Mteja anakopa, anakuja kutoa kwangu, kamisheni ninayopata haifiki hata bei ya andazi, halafu akikuta makato ya kutoa ananitukana mimi.

Dogo Janja Mabibo:
Wakala gani wewe? Kila nikija "floti imeisha", na ukiwa nayo unataka nikuongeze mia tano ya pembeni.

Wakala Buguruni:
Mia tano ya pembeni nani kakwambia? Taja kibanda.

Binti Sinza:
Cha kona ya sheli, mwavuli mwekundu. Hata mimi alinitoza.