Boksi la nusu saa ya kwanza: kuingia kwa mguso, kwa mshumaa kufunga, au kusubiri bei irudi?

Fundi Kirumba

Wadau, za jioni. Nina karakana ya injini za boti hapa Kirumba. Kwa miezi hii nafunga saa kumi, na saa kumi na nusu soko la New York linapofunguliwa ninakuwa nimeshanawa mikono na chati iko mbele yangu. Nachora boksi la nusu saa ya kwanza, yaani bei ya juu kabisa na ya chini kabisa kuanzia saa 10:30 hadi saa 11:00, kisha nasubiri ivunje upande mmoja. Kuchora hakunisumbui. Kinachonisumbua ni namna ya kuingia, maana njia ni tatu na siku moja inaweza kuzitenganisha kabisa.

Nawapa siku moja ya wiki jana. Hisa ni ya teknolojia, jina naliacha nisionekane naipigia debe. Jana yake ilifunga dola 81.90, ikafungua 83.10. Nusu saa ya kwanza juu ilikuwa 84.20 na chini 82.80, kwa hiyo boksi lilikuwa na upana wa dola 1.40 na katikati yake ni 83.50. Stopu huwa naiweka hapo katikati.

Akaunti moja niliweka `Buy Stop` kwenye 84.25. Saa 11:02 bei ikaruka hadi 84.31, nikaingizwa kwa 84.28, na dakika chache baadaye ikashuka hadi 83.42. Stopu ikanitoa kwa 83.48. Akaunti ya pili nilisubiri mshumaa wa dakika tano ufunge juu ya boksi. Ule wa saa 11:00 ulifunga 83.95, ndani, sikugusa kitu. Ule wa saa 11:20 ukafunga 84.46, nikanunua kwa 84.48. Ya tatu, ya demo, niliweka oda ya kununua 84.22 nikitegemea bei itarudi kugusa ukingo. Ilipanda hadi 84.95, ikarudi mpaka 84.38, ikageuka. Oda haikujazwa. Saa 4:55 usiku ile ya pili niliifunga kwa 85.70.

Mnaotumia njia hizi muda mrefu, mnachagua ipi na kwa nini?

Mdau wa Igoma

Mimi nina hisa za CRDB na NMB, nimezinunua kwa dalali wa Dar es Salaam. Hiyo ya nusu saa ya kwanza inafaa kwenye hisa zetu? Nikiona imepanda asubuhi ninunue?

Bwiru Juu

Fundi, kosa lako ni stopu, njia ya kuingia haina tatizo. Stopu ya boksi inakaa chini ya boksi, 82.80. Ungeiweka pale, ule mguso wa kwanza usingekutoa, ungekaa mpaka 85.70. Halafu kumbuka boksi likiwa pana ndiyo nguvu ilivyo kubwa. Mimi nikiona boksi kubwa naingia bila kusita.

Mama Nyegezi

Fundi, pole na hongera kwa kuandika saa na bei. Bila hizo tungekuwa tunabishana hewani.

Kwanza Igoma, kaka yangu, hisa zako ni za kushika, na soko letu ni jingine. Boksi linahitaji hisa inayouzwa na kununuliwa kila sekunde, ili ule ukingo uwe mahali ambapo watu wengi kweli walishindania bei. Kwetu hisa inaweza kukaa muda mrefu bila muamala, na bei ya siku ikatokana na oda chache tu. Mstari utauchora, lakini nyuma yake hakuna watu. Usinunue NMB kwa sababu ya nusu saa.

Sasa Fundi, angalia ile saa 11:02. Katika miezi hii saa 11 yetu ni saa nne asubuhi ya New York, na hiyo ndiyo saa wanayotoa takwimu zao nyingi: faharasa ya viwanda ya ISM, imani ya walaji, idadi ya nafasi za kazi zilizo wazi. Kwa hiyo boksi la nusu saa linafungwa dakika ileile habari inapotoka. Bei inarukia juu kugusa oda zilizopangwa, inarudi, kisha ndiyo inaamua inakwenda wapi. Oda yako ya mguso ilikuwa imelala njiani. Siku yenye takwimu saa 11, mimi siweki `Buy Stop` kabla ya saa 11:05. Siku isiyo na takwimu, mguso hauna ubaya huo.

Bwiru, kuhusu upana sikubaliani nawe. Chukua ATR ya siku 14 ya hiyo hisa uone kwa kawaida inatembea dola ngapi kwa siku. Fundi, ilikuwa ngapi?

Fundi Kirumba

Shikamoo mama. ATR ilisoma 3.10. Na ni kweli, siku ile kulikuwa na takwimu saa 11. Niliziona kwenye kalenda baadaye.

Mama Nyegezi

Marahaba. Basi boksi la 1.40 lilikuwa limeshakula chini kidogo ya nusu ya mwendo wa siku, na bado kulikuwa na nafasi. Lingekuwa la 2.60, ungenunua ukingoni wakati hisa imeshatembea karibu mwendo wake wote, na stopu yako iko mbali. Hapo nguvu anayoisema Bwiru imeshatumika asubuhi. Ziko siku za habari kubwa hisa inapita ATR yake mara mbili, sikatai. Ila huwezi kuijua siku hiyo kwa kutazama upana peke yake.

Juu ya njia ya tatu, hapa ndipo nataka msome polepole, kwa sababu wengi wanaipenda kwa kuwa bei yake ni nzuri. Ukisubiri bei irudi ukingoni, siku ambazo mvunjo ni wa kweli na una haraka, hairudi. Unaachwa, kama ulivyoachwa kwa senti 16. Siku ambazo mvunjo ni feki, inarudi kila mara, maana kurudi ndiyo ufeki wenyewe. Kwa hiyo oda yako inajazwa na feki zote, pamoja na baadhi tu ya siku nzuri. Bei nzuri ya kuingia umeilipia kwa kukosa siku bora. Mimi naitumia pale tu mshumaa umeshafunga juu, bei imerudi, na mshumaa wa kurudi una voliumu ndogo kuliko ule uliovunja.

Na voliumu msiipime kwa kulinganisha na ile ya saa kumi na nusu. Nusu saa ya kwanza siku zote ina msongamano, kama Mwaloni mitumbwi inapoingia alfajiri. Linganisha mshumaa unaovunja na ile minne au mitano iliyoutangulia.

Kigongo

Naomba niongeze langu kuhusu saa. Novemba iliyopita nilichora boksi siku tatu mfululizo na kila siku linavunjika ovyo. Mistari yangu haikuheshimiwa hata kidogo. Siku ya nne ndiyo nikagundua: Wamarekani walikuwa wamerudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi ule, sisi hatubadilishi, kwa hiyo soko lilikuwa linafunguliwa saa 11:30 jioni. Mimi nilikuwa nachora saa kumi na nusu, kwenye biashara ya kabla ya soko, oda chache, spredi pana. Ukiona mishumaa ya boksi lako ni midogo na ile inayofuata ni mikubwa ghafla, angalia saa. Inabadilika tena Jumapili ya pili ya Machi.

Jingine: natumia MetaTrader kwa mikataba ya CFD, na mara mbili `Buy Stop` yangu ilishika kabla mstari haujaguswa kwenye chati. Nilidhani naibiwa.

Mama Nyegezi

Hukuibiwa kwa hilo. Chati ya CFD pale huwa inachora bei ya kuuzia, `Bid`, lakini oda ya kununua inashikwa na bei ya kununulia, `Ask`. Spredi ikiwa senti 6, utaingizwa chati ikiwa bado senti 6 chini ya mstari wako. Washa mstari wa `Ask` uone mwenyewe, na oda ya kununua ipandishe kwa kiasi cha spredi. Anayesubiri mshumaa ufunge haumwi sana na jambo hili, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kupendelea kufunga.

Bwiru Juu

Sawa mama, la upana nitalipima. La stopu bado. 83.50 ilimtoa, 82.80 isingemtoa. Hesabu iko wazi.

Fundi Kirumba

Bwiru kaka, niliipiga hesabu hiyo. Akaunti yangu ni dola 2,000 na naruhusu kupoteza 10 kwa biashara moja. Kwa mguso na stopu ya katikati, umbali ni 0.78, nikapata hisa 12, nikapoteza dola 9.60. Kwa kufunga, umbali 0.98, hisa 10, nikapata dola 12.20. Ningeingia 84.48 na stopu iwe 82.80, umbali ni 1.68, hisa 5 tu, na 85.70 ingenipa dola 6.10. Kwa mguso wako, hisa 6, ningepata karibu dola 8.50. Dalali wangu anakata dola 1 kila oda, yaani 2 kwenda na kurudi. Kwenye 12.20 inauma kidogo, kwenye 6.10 inachukua karibu theluthi.

Jambo jingine, akaunti yangu ni ya fedha taslimu. Tangu Mei 2024 malipo ya hisa za Marekani yanakamilika siku moja baada ya biashara, kwa hiyo nikishauza, pesa ile siitegemei jioni ileile. Mguso ulikula kama 1,011, kufunga 845. Hata ningefanya zote mbili kwenye akaunti moja zingetosha, ya tatu isingetosha.

Mama Nyegezi

Fundi kapiga hesabu sawasawa. Lakini Bwiru naye asipuuzwe. Stopu ya chini inatoa faida ndogo siku nzuri na inakuokoa siku za kuyumba, na hisa nyingine zinayumba mno hadi katikati ya boksi hapafai. Kwa hisa zenye tabia hiyo mimi mwenyewe naweka chini. Sina kanuni moja ya kukupa.

Mdau wa Igoma

Nimeelewa, za kwangu nazishika. Ila swali: bei ikivunja chini ya 82.80 mnafanya nini?

Fundi Kirumba

Kwa akaunti ya taslimu siwezi kuuza nisichonacho, kwa hiyo upande wa chini nakaa pembeni. Kigongo anaweza kwa CFD.

Kigongo

Naweza, ila hisa iliyofungua na gepu la juu kama hiyo ikivunja chini huwa naogopa, maana chini tu pana bei ya kufunga ya jana, 81.90, na hapo wanunuzi wanaweza kutokea. Senti 90 hazinitoshi kwa boksi la 1.40. Kuna anayeiuza hapo na kupata?

Bwiru Juu

Mimi nauza. Kesho kuna takwimu saa 11, nitasubiri 11:05 kama mama alivyosema, halafu naleta picha ya chati hapa. Stopu itakuwa upande wa pili wa boksi.