Maneno ya Bibi: .txt, Markdown au JSON?

Mjukuu wa Wete
Nina mazungumzo ya kundi letu la familia la Watsapu, kutoka 2016 hadi 2021, nataka yakae mpaka wajukuu zangu wayasome. Niyaache .txt kama yalivyotoka simuni, niyapange kwa Markdown, au niyageuze JSON? Nakala ni mbili, yangu na ya dada aliyeko Maskati, na nimeshaziunganisha. Ila kuna jambo linanikosesha raha: Bibi tulimzika Agosti 2019, lakini humu kwenye faili anatuandikia Oktoba.

Nahodha
.txt. Mjadala umekwisha, tukanywe kahawa. Mie nna mafaili niliyoyaandika 1997, kompyuta nimebadilisha mara sita, na hadi leo yanafunguka kwa programu yoyote. Hizo nyengine ni urembo.

Kijana wa Darajani
Nahodha, .txt ni sanduku la wazee. Kila kitu kimo, na ukikitaka hukioni. JSON kila neno lina mahali pake: nani kasema, lini, kamjibu nani. Weka JSON, ulale.

Nahodha
Mzee nani? Sanduku la wazee ndimo mlimokuta hati za nyumba mnazouza sasa. Na hiyo JSON yako ikikosa mkato mmoja tu haifunguki, faili zima. Nimeona kwa macho yangu.

Mpita Njia
Mie bado sijavuka hapo pa Oktoba. Marehemu anatuma meseji? Mwiteni mtu wa kusoma kwanza, faili baadaye.

Mjukuu wa Wete
Mzaha na maiti wetu, la. Kama huna la kusema, pita kama jina lako.

Mama Karafuu
Wanangu, mie simu yangu pia imejaa. Dawa yake ni kufuta zile video za "asubuhi njema" na makundi ya harusi zilizokwisha. Utaona inavyokuwa nyepesi.

Mhifadhi
Mjukuu, tuwekee hapa mistari yenyewe kama ilivyo kwenye nakala zote mbili. Usisafishe kitu.

Mjukuu wa Wete
Hii ya kwanza imetoka kwenye simu yangu, ya pili kwenye ya dada.

```
10/01/2019, 21:05 - Bibi: Leo usiku wa Ijumaa.
Njooni tusome Yasini.

1/10/19, 10:05 PM - Bibi: Leo usiku wa Ijumaa.
Njooni tusome Yasini.
```

Mhifadhi
Basi Bibi hakuandika mara mbili. Ujumbe ni mmoja. Faili la .txt hufuata mpangilio wa tarehe wa simu iliyolitoa. Simu yako inatanguliza siku. Ya dada, naona, imewekwa Kiingereza cha Marekani, inatanguliza mwezi. Wewe ulipounganisha ukazisoma zote kama zako, 10 Januari ikawa 1 Oktoba. Na lile saa moja lililozidi ni la Maskati, wao wametutangulia kwa saa moja. Kwa hiyo programu yako ikaona tarehe mbali mbali na saa mbali mbali, ikahesabu meseji mbili.

Njia ya kuhakikisha: pitia faili la dada utafute mstari ambao namba ya pili imepita 12. Ukikuta 1/13/19, hakuna mwezi wa 13, basi hiyo ni siku, na faili zima limepangwa hivyo kwa kuwa limetolewa na simu moja kwa mara moja.

Mjukuu wa Wete
Ipo! Ipo na 1/12/19, mdogo wangu anasema "leo Mapinduzi, tuko Gombani." Mie nilikuwa nayo kama 1 Disemba, wala sikushtuka.

Kijana wa Darajani
Haya ndiyo ninayoyasema. Kwenye JSON tarehe ingekaa sawa. Na hata Bibi mwenyewe, Mungu amrehemu, alikosea siku. Nimeangalia kalenda, 10 Januari 2019 ilikuwa Alhamisi, yeye anasema Ijumaa. Ukigeuza mpangilio, makosa kama hayo unayarekebisha hapo hapo.

Maalim wa Konde
Bibi alikosea? Kijana, wewe umelelewa na nani? Usiku wa Ijumaa ni huo huo wa Alhamisi, jua likishatua. Siku yetu inaanza magharibi, usiku unatangulia mchana wake. Kila mtoto aliyepelekwa chuoni analijua hili. Bibi alikuwa sawa, kalenda yako ndiyo haijasoma.

Kijana wa Darajani
Maalim, shikamoo, sikukusudia kumvunjia mtu heshima. Lakini hapa mjini tukisema "Ijumaa usiku" tunakusudia Ijumaa hiyo hiyo baada ya isha, watu wako Forodhani wanakula urojo.

Maalim wa Konde
Marahaba. "Ijumaa usiku" na "usiku wa Ijumaa" si kitu kimoja, na hilo ndilo linalokupotezeni nyinyi wa mjini. Mtu akialikwa arusi usiku wa Jumapili akaenda Jumapili, atakuta wanaosha masufuria.

Mpita Njia
Mimi yamenikuta hayo. Nilikula ukoko.

Nahodha
Wapemba mna kalenda yenu na karafuu zenu. Unguja pia tulikuwa tukisema hivyo, msijifanye peke yenu. Bibi yangu wa Makunduchi hakusema vyengine.

Maalim wa Konde
Hakuna aliyesema peke yetu. Umejihisi mwenyewe.

Mhifadhi
Tulieni, maana Maalim ametupa kitu. 1 Oktoba 2019 ilikuwa Jumanne. Usiku wa Jumanne hauwezi kuitwa usiku wa Ijumaa kwa hesabu yoyote, ya mjini wala ya shamba. 10 Januari ilikuwa Alhamisi, saa 3 usiku, na huo ndio usiku wa Ijumaa. Maneno ya Bibi yameitolea tarehe ushahidi. Sasa lau Kijana angemrekebisha akaandika "Alhamisi", ushahidi ungekuwa umefutwa na mtu aliyedhani anasaidia.

Kwa hiyo maneno hayaguswi. Hata tahajia yake. Kama una la kueleza, liandike pembeni kwa jina lako.

Kijana wa Darajani
Nimekubali kwa Bibi. Kwa JSON sijarudi nyuma.

Shoga wa Mtunzi
Mie naomba niseme la Markdown, maana limeniuma. Tulikuwa tukijibizana mashairi na mwenzangu, nikayaweka yote .md. Nikiyafungua, beti ya mistari minne imekuwa mstari mmoja mrefu kama treni. Vina vyote vimezama katikati. Mwenzangu akaniuliza, "Hii ni barua ya posa?"

Nahodha
Markdown inakula mistari. Wamwambie.

Mhifadhi
Haili, inaiunga wakati wa kuonyesha tu. Shoga, fungua lile faili kwa programu ya maandishi matupu, mistari yako minne imo. Kwa sheria ya Markdown, kushuka mstari mara moja ni sawa na kuacha nafasi. Aya mpya inataka mstari mtupu katikati. Ukitaka mstari ukatike bila aya mpya, unaweka nafasi mbili mwishoni mwake. Nafasi hizo hazionekani kwa macho, na baadhi ya programu za kuandikia huzifuta zenyewe wakati wa kuhifadhi. Hatari kubwa ni ukinakili kutoka kwenye kile kilichoonyeshwa, ukafuta cha asili. Hapo mistari imekwenda kweli.

Na nyota pia. Kwenye Watsapu nyota moja kila upande hukoleza neno. Kwenye Markdown nyota moja hulilaza, kukoleza kunataka mbili. Mtu aliyepiga kelele anaonekana kama ananong'ona. Markdown nzuri kwa kitabu utakachowachapia watoto, lakini si mahali pa kuweka asili.

Shoga wa Mtunzi
Nimekwenda kuangalia. Imo! Yote imo. Nimelia peke yangu hapa.

Nahodha
Kwa hiyo tumerudi .txt.

Mhifadhi
Nusu. .txt ulizonazo, zote mbili, ziweke kama zilivyotoka, pamoja na karatasi fupi inayosema: hii ya simu ya Wete, siku kwanza, hii ya Maskati, mwezi kwanza. Bila ya karatasi hiyo mjukuu wako atarudia kosa lako. Ila .txt ina udhaifu wake hapo juu: "Njooni tusome Yasini" haina tarehe wala jina. Sisi tunajua ni mstari wa pili wa Bibi kwa kuwa umefuata. Siku mtu atakapobandika kwenye meseji kitu kinachoanza kwa tarehe, programu itadhani ni meseji mpya.

Ya kufanyia kazi mie ningeiandika hivi, meseji moja mstari mmoja:

```
{"wakati":"2019-01-10T21:05+03:00","nani":"Bibi","maneno":"Leo usiku wa Ijumaa.\nNjooni tusome Yasini."}
```

Faili hili huitwa .jsonl. Mkato ukipotea, unapoteza mstari mmoja, si kitabu kizima, na hofu ya Nahodha inapungua. Mwaka umetangulia, mwezi, kisha siku, hakuna wa kubisha. `+03:00` ni saa ya kwetu. Na sekunde sikuzitia, maana faili lako halina. Ukiandika sifuri sifuri umetunga.

Nahodha
Hiyo nikiifungua kwa programu yangu ya 1997 naisoma?

Mhifadhi
Unaisoma.

Nahodha
Basi ni .txt iliyovaa kanzu.

Kijana wa Darajani
Ni .txt iliyokwenda skuli, mzee wangu.

Maalim wa Konde
Sawa, lakini kanzu hiyo ina matundu. Ndugu yangu mmoja aligeuza mazungumzo yake JSON. Mahali alipoandikiwa يس kwa herufi zake, faili linasema `\u064a\u0633`. Hiyo ataisoma nani?

Kijana wa Darajani
Hiyo hata mie imenikuta, nakiri. Programu ikisoma inazirudisha sawa, hakuna kilichopotea. Ila kwa jicho ni majani matupu. Kama anatumia Python, aiambie hivi, na faili alifungue kwa UTF-8:

```
json.dumps(meseji, ensure_ascii=False)
```

Mjukuu wa Wete
Nimechukua meseji kumi zilizoko kwenye nakala zote mbili. Zote tofauti ni saa moja, hata zile za siku dada alipokuwa likizo hapa nyumbani. Sikufahamu kwa nini.

Mhifadhi
Kwa sababu faili alilitoa akiwa Maskati, na simu ikaandika zote kwa saa ya hapo ilipo. Basi faili la dada lote ni `+04:00`. Angalia sana zile za saa 5 na nusu usiku za kwetu, kwake zimeingia siku ya pili.

Maalim wa Konde
Na ziandikwe usiku wa nani, Alhamisi au Ijumaa?

Nahodha
Anaanza tena.

Kijana wa Darajani
Tuweke sehemu ya pembeni, "usiku_wa". Kwa jina la Maalim.

Maalim wa Konde
Kwa jina la Bibi. Mie sikulileta.

Mama Karafuu
Mie nimeshafuta tangu asubuhi, simu nyepesi. Sasa ndo nawasoma vizuri. Kundi la arusi ya mwanangu, marehemu mama yangu alikuwemo, alikuwa akituma dua kwa sauti. Zile zinarudi?

Mhifadhi
Kwako sijui, Mama. Lakini walikuwemo wangapi kwenye kundi? Wapigie leo, mmoja mmoja, wasiguse simu zao.

Mama Karafuu
Sitini na kitu. Naanza na wa Mkoani, yule hafuti kitu.