Naomba ushauri: hotuba ya kuitambulisha timu ya chanjo kwa wazee

Ndugu wanajumuiya, salaam. Nimepewa jukumu la kuitambulisha timu ya chanjo ya surua na rubela mbele ya wazee siku ya uzinduzi, nami nimekwama katika sehemu moja ya hotuba.

Katika rasimu nimemtaja kila mhudumu na kazi yake, kisha nikaeleza kwamba hata mtoto aliyekwisha kuchanjwa atachanjwa tena, kwa kuwa dozi moja haiwakingi watoto wote. Nilipomsomea mzee mmoja ninayemheshimu, aliuliza jambo moja tu: “Mtoto akipata homa, tumwite nani?” Ni swali la haki, maana homa au vipele hafifu huweza kutokea wiki moja hivi baada ya sindano, wakati timu imekwisha kuondoka. Nilijaribu kuongeza sentensi kuhusu homa, lakini ilisikika kama onyo.

Je, niitaje homa hiyo mwenyewe, au nimwachie muuguzi aieleze wazee wakiuliza? Na je, ni adabu kumtambulisha mhudumu wa zahanati atakayebaki kabla ya kiongozi wa timu, ingawa cheo chake ni kidogo?