Pepa yangu ya SBR imefutika kwa sababu ya ushauri wa chuo

Leo nimefungua akaunti yangu ya ACCA, mitihani ya uhasibu, kuangalia matokeo ya Desemba 2025. SBL nimepita! Nikampigia mama, na huku naongea naye nikahesabu pepa za ngazi ya juu. Ziko tatu, si nne. SBR, niliyoipita Septemba 2018, haimo tena.

Sheria siilaumu. Ukishapita pepa ya kwanza ya ngazi ya juu, una miaka saba ya kumaliza zote nne. Hasira zangu ni kwa chuo kimoja cha Mombasa kilichokula karo yangu. Mshauri wao aliniambia bila kusita kwamba miaka saba huanza upya kila unapopita pepa. Nikamwamini. AAA nikaipita Juni 2021, AFM Desemba 2022, kisha baba akaugua nikaacha misimu kadhaa. Sisi wa Amu mtihani si asubuhi moja: ni boti hadi Mokowe, basi mpaka Mombasa, na malazi juu yake. Lakini misimu iko minne kwa mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ningejua ukweli ningekopa nauli, nisingeuacha hata mmoja wa 2025.

Nimewaandikia. Wamejibu kwamba mwanafunzi ndiye wa kusoma sheria. Na karo niliwalipa ya nini?

KijanaWaShela: Pole sana kaka. Ninavyojua mimi miaka saba ikipita zinafutika zote, hata za chini. Itabidi uanze moja.

Mizani: Hapana, usimtie presha bure. Inayoondoka ni pepa iliyozidi miaka saba peke yake, na zile tisa za chini hazimo kwenye hesabu hiyo. Ndugu, umebakiza SBR tu. Ila ipite kabla ya Juni 2028, maana hapo AAA nayo inafika miaka saba. Ikianguka hiyo, utakuwa unarudia moja huku nyingine inaondoka.

BintiLangoni: Mimi kwa digrii yangu nimepewa msamaha wa pepa zote tisa na nimeulipia, mwaka wa tatu huu. Kumbe nimebakiwa na minne?

Mizani: Hapana dada, yako haijaanza kuhesabiwa. Msamaha ni wa pepa za chini, za juu hazisamehewi hata moja. Hesabu inaanza siku utakapopita ya kwanza ya juu, kwa hivyo usiiguse kabla hujajua pesa za zile tatu nyingine zitatoka wapi.

Mwanakombo: Na CPA ya Kasneb je, ni miaka mingapi?

Mwenye uzi: Mizani, shukrani. Nitaifanya SBR Juni. Lakini ujumbe wa yule mshauri ninao kwenye simu, wa 2019, na karo yangu naitaka. Aliyewahi kudai karo chuoni aniambie alianzia ofisi gani.